Nyuzi ngapi kwa kila wati? Kuhusu kompyuta mpakato inayopunguza kasi kwa joto

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpima ardhi, ofisi yetu ipo Nzuguni, Dodoma. Kompyuta yangu mpakato yenye prosesa ya i5-8250U niliinunua ikiwa imetumika, na huu ni mwaka wa tatu ninayo. Nikianza kuchakata picha za droni inakimbia vizuri dakika tatu nne, halafu inakuwa nzito mno na feni inapiga kelele. Usiku inakuwa afadhali. Fundi mmoja ameniambia nibadilishe pesti, mwingine anasema ninunue kuling padi, na mwenzangu ofisini anasema nipunguze wati za prosesa. Nianze na lipi?*

Marahaba. Usinunue kitu chochote kwanza. Kwa dalili ulizozitaja, shuku yangu ya kwanza ni vumbi, ambalo hakuna hata mmoja kati ya washauri wako watatu aliyelitaja. Lakini shuku si kipimo, na kipimo chenyewe kinakuhitaji nusu saa tu, programu moja ya bure na kipimajoto cha ukutani.

Watu wengi huangalia nyuzijoto peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Prosesa yako imewekewa kikomo cha nyuzijoto 100 na kiwanda. Ikikikaribia, inapunguza kasi na umeme inaotumia ili isikivuke, na itaendelea kujibana hivyo kwa kadiri kazi inavyoendelea. Matokeo yake ni kwamba mashine mbili zinaweza zote kuonyesha nyuzijoto 98, moja ikiwa inatumia wati 22 na kufanya kazi ya maana, na nyingine ikiwa inatumia wati 9 na kujikokota. Kwenye kioo zinafanana, ilhali moja ni nzima na nyingine inakosa pumzi. Kwa hiyo joto lisomwe sikuzote pamoja na wati, na pamoja na joto la chumba.

Pakua HWiNFO, ifungue kwa kuchagua `Sensors-only`, kisha tafuta mistari minne: `CPU Package` iliyo katika nyuzijoto, `CPU Package Power` iliyo katika wati, `Core Effective Clocks`, na `Core Thermal Throttling`. Huu wa mwisho hujibu `Yes` au `No`, na ukisema `Yes` ujue prosesa imegusa kikomo na imejibana. Chomeka chaja, weka kompyuta juu ya meza ngumu, kisha anzisha kazi ileile ya picha inayokusumbua. Iache dakika kumi. Baada ya hapo bonyeza alama ya saa iliyo chini ya dirisha ili hesabu zianze upya, subiri dakika nyingine tano, na usome safu ya `Average`. Safu ya `Maximum` iache, kwa sababu inabeba mruko wa sekunde moja ambao hauna maana kwa kazi ya saa mbili.

Sasa toa joto la chumba kwenye joto la prosesa, na ugawe kwa wati. Jibu ni idadi ya nyuzi zinazopanda kwa kila wati moja, na ndiyo namba itakayokuamulia kati ya pesti, padi na wati. Kwa mashine nyembamba za aina ya yako, ambazo kwa kawaida zina feni moja na mrija mmoja au miwili ya shaba ya kubebea joto, nikipata nyuzi 3 hadi 3.5 kwa wati huwa ninaifunga na kumwambia mwenyewe aende zake. Ikifika 4.5 kuna kasoro. Ikizidi 6 upoozaji umekufa au unakaribia kufa.

Oktoba iliyopita nililetewa hapa Makole mashine yenye prosesa hiyohiyo, ya kijana anayehariri video za harusi. Chumba kilikuwa na nyuzijoto 30. Katika nusu dakika ya kwanza prosesa ilichota wati 24 na kukimbia kwa gigahezi 3.1, joto likiwa 88. Kufikia dakika ya nne joto lilikuwa 99 na halikutoka hapo. Kilichoshuka ni wati, hadi zikatulia kwenye 10, na kasi ikawa gigahezi 1.5. Hesabu yake: 99 toa 30 ni 69, gawa kwa 10, unapata nyuzi 6.9 kwa wati. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, lakini ukiweka kiganja kwenye tundu la pembeni hewa iliyotoka ilikuwa kama pumzi ya mtu aliyelala.

Kabla ya kufungua, kuna jambo la kutazama ambalo linatenganisha vumbi na pesti, nalo ni mwendo wa joto. Pesti ni tabaka jembamba kati ya chipu na bamba la shaba. Ikikauka au ikisukumwa pembeni, joto linakwama palepale kwenye chipu, ambayo ni ndogo na haina uwezo wa kulihifadhi. Kwa hiyo kazi ikianza tu, joto linaruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, na ukisimamisha kazi linaanguka kwa kasi hiyohiyo. Hewa inayotoka pembeni inakuwa ya vuguvugu tu, kwa kuwa joto halijawahi kulifikia bamba. Mara nyingi pia utaona kiini kimoja cha prosesa kikizidi kingine kwa nyuzi kumi au zaidi, maana pesti imebaki upande mmoja. Vumbi lina mwendo wa polepole. Joto linatoka kwenye chipu vizuri, linapita kwenye mrija, linafika kwenye mapezi ya shaba na kukuta hewa haipiti. Basi shaba yote inapata moto taratibu, dakika baada ya dakika, na hata ukisimamisha kazi inachukua muda kupoa. Ukisema kompyuta yako inakwenda vizuri dakika tatu nne ndipo inazidiwa, unanieleza mwendo wa pili. Ama nafuu yako ya usiku: vumbi au pesti, hewa ikipoa nyuzi kumi mashine yoyote inapata nafuu, hivyo dalili hiyo haituambii lolote juu ya chanzo.

Ipo hali ya tatu ambayo watu huichanganya na joto. Ukikuta nyuzijoto ni 70 tu, wati zimesimama kwenye 15 bila kutikisika, na kasi imeshuka baada ya takribani nusu dakika ya mwanzo, hiyo si homa. Mtengenezaji amepanga prosesa ipewe umeme mwingi kwa sekunde chache, kwa kawaida 28, kisha irudi kwenye kiwango chake cha kudumu. Na ukikuta joto ni 50 huku kasi imekwama kwenye megahezi 400 au 800, iache prosesa na uikague chaja. Mashine nyingi zisipoitambua chaja hujifunga kasi namna hiyo, na pesti ya bei yoyote haitasaidia.

Turudi kwenye mashine ya yule kijana. Nilifungua kifuniko cha chini, nikachomoa waya wa betri kwenye bodi kabla ya kugusa kingine chochote, kisha nikatoa skrubu tatu za feni na kuinyanyua. Kati ya feni na mapezi palikuwa na blanketi la vumbi jekundu lililoshikamana na nyuzi za nguo, unene wake kama wa sarafu, limeziba theluthi mbili za njia. Kwa nje huwezi kuliona, kwa sababu linajikusanya upande wa ndani wa mapezi, pale feni inapoyapulizia. Ndiyo maana kupuliza kutoka nje kwa bloa mara nyingi hakusaidii kwa zaidi ya wiki moja: unalisukuma likatawanyika ndani, kisha feni inalirudisha mahali pake. Na tafadhali usiipeleke kwenye kompresa ya mafundi wa pancha. Hewa yake ina majimaji na mafuta, na inaizungusha feni kwa kasi ambayo beringi zake hazikutengenezewa. Nililitoa blanketi kwa kibano likiwa zima, nikasafisha mapezi kwa brashi laini ya kupakia rangi, na panga za feni nikazishika kwa kidole wakati wa kupuliza.

Nikarudisha feni bila kugusa pesti, makusudi, ili nijue kila hatua imechangia nini. Kazi ileile, chumba kilekile cha nyuzijoto 30: joto likatulia kwenye 86 na wati zikatulia kwenye 15. Hiyo ni nyuzi 3.7 kwa wati, kutoka 6.9, na hakuna senti iliyotumika zaidi ya ufundi.

Baada ya hapo ndipo nikabadilisha pesti. Bamba la shaba hushikwa na skrubu zenye namba zilizochongwa pembeni yake. Unazilegeza kuanzia namba kubwa kurudi kwenye moja, na wakati wa kufunga unaanza na moja, kila skrubu ikipata nusu mzunguko kwa zamu, kwa sababu chipu iko wazi haina kofia ya chuma na ukiikandamiza upande mmoja inaweza kumeguka kwenye kona. Pesti ya zamani ilikuwa ngumu kama udongo wa kichuguu. Niliitoa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti ya isopropili. Pesti mpya nilitia kiasi cha punje moja ya mchele, nikaitandaza kwa kipande cha plastiki hadi ikafunika uso wote wa chipu, maana kwenye chipu iliyo wazi kona isiyo na pesti ni kona inayoungua. Vipande laini vya mpira vya kupitisha joto vilivyo juu ya vipuri vingine, kama vipo, usivitoe na kuweka pesti badala yake; vina unene maalumu wa kuziba pengo ambalo pesti haiwezi kulijaza. Kipimo cha mwisho kilikuwa nyuzijoto 79 kwa wati 15, yaani nyuzi 3.3 kwa wati.

Utaona kwamba usafi ulishusha namba kwa 3.2 na pesti kwa 0.4. Ingekuwa kinyume kama mwendo wa joto ungekuwa ule wa kuruka. Lakini kwa mashine iliyotumika ambayo haijafunguliwa kwa miaka, mimi ninabadilisha pesti wakati huohuo, kwa kuwa kazi kubwa ni kufungua na umeshafungua. Chagua pesti nzito. Ile nyepesi inayoteleza kama losheni huonyesha namba nzuri wiki ya kwanza, kisha chipu ikipata moto na kupoa mara nyingi inasukumwa kidogo kidogo hadi pembeni, na baada ya miezi michache unarudi ulipokuwa. Kwa sababu hiyohiyo, baadhi ya mafundi sasa wanatumia karatasi nyembamba inayolainika kwa joto, ya aina ya PTM7950, ambayo haisukumwi kirahisi. Mtu akikushauri pesti ya metali ya majimaji, kataa: inapitisha umeme, na inaila alumini.

Kuling padi niliijaribu pia kwenye mashine hiyo. Joto likashuka kutoka 79 hadi 75 kwa wati zilezile 15, yaani nyuzi 3.0 kwa wati. Si haba, lakini nilipoiondoa na kuinua tu nyuma ya kompyuta kwa vitabu viwili, sentimita tatu hivi, nilipata 76. Sehemu kubwa ya faida ya padi ni kuinua kompyuta ili hewa iingie kupitia matundu ya chini, na feni zake zinaongeza kidogo juu ya hapo. Geuza yako uitazame tumbo: kama haina matundu chini ya feni, padi itapoza plastiki na mapaja yako, basi. Na padi haiwezi kusaidia blanketi la vumbi, kwa sababu hewa inayosukumwa chini bado inakutana na mlango uliozibwa. Kwa mazingira yetu ina hasara ya ziada, kwamba inavuta hewa ya karibu na meza, na kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza meza za Dodoma hazikosi vumbi hata ukifuta asubuhi na jioni.

Sasa mwenzako wa wati. Ushauri wake si mbaya, ila unafaa baada ya usafi. Ukishaijua namba yako, kiwango cha wati hakihitaji kubahatisha. Amua joto unalotaka lisivukwe wakati wa kazi ndefu, mimi huchukua 88. Toa joto la chumba katika saa mbaya zaidi unayofanyia kazi. Gawa kwa nyuzi za kila wati. Mchana wa Novemba chumba cha bati kisicho na kiyoyozi kinafika 33 bila shida. Kwa mashine ya yule kijana: 88 toa 33 ni 55, gawa kwa 3.3, unapata 16.7. Nikaweka 16. Angekuja kutaka kupunguza wati kabla ya usafi, hesabu ingekuwa 55 kwa 6.9, ambayo ni wati 8 tu. Kompyuta ingekuwa ya ubaridi na kimya, na ingefanya kazi kwa kasi ya konokono.

Faida ya kikomo cha wati ni kwamba umeme wa prosesa hupanda haraka kuliko kasi yake, kwa kuwa kasi kubwa hudai pia volteji kubwa. Karibu na kilele, ukiachia asilimia kumi ya kasi unaweza kuokoa takribani robo ya wati. Prosesa inayokimbia kwa utulivu kwenye gigahezi 2.4 humaliza picha zako mapema kuliko ile inayoruka hadi 3.2, kugonga kikomo, kuanguka hadi 1.3 na kuruka tena.

Kuweka kikomo, tumia ThrottleStop: bonyeza `TPL`, andika 16 kwenye `Long Power PL1` na 20 kwenye `Short Power PL2`, kisha `Apply`. Programu lazima iwe wazi kila unapowasha kompyuta, ama uipangie ijifungue yenyewe. Baadhi ya watengenezaji wamefunga mipangilio hiyo kwenye BIOS. Ukikuta imefungwa, zuia kasi badala ya wati, kwa kuandika haya kwenye dirisha la amri la Windows lililofunguliwa kwa `Run as administrator`:

```
powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCFREQMAX 2400
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Namba 2400 ni megahezi; ukiandika 0 kizuizi kinaondoka. Amri hii inahusu wakati chaja imechomekwa tu. Rudi kwenye HWiNFO uhakikishe `Core Effective Clocks` haivuki hapo, kisha soma wati. Zikizidi hesabu yako shusha hadi 2200, zikiwa chini sana panda.

Tahadhari moja kuhusu kulinganisha vipimo. Usilinganishe nyuzijoto ulizosoma alfajiri ya Julai na zile za mchana wa Novemba. Tofauti ya hewa peke yake inapita nyuzi kumi na tano, na utadhani pesti imekufa. Namba ya nyuzi kwa wati imeshaliondoa joto la chumba, ndiyo maana naipenda. Vilevile usishtuke ukiona vipimo vya mtu wa Dar es Salaam ni vizuri kidogo kuliko vyako kwa kompyuta ileile. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na feni ikizunguka kwa kasi ileile inabeba joto pungufu. Hilo halirekebishiki kwa pesti.

Kwa hiyo pima leo jioni, ofisi ikiwa bado na joto. Ukipata nyuzi zaidi ya 4.5 kwa wati na joto linapanda taratibu, mpelekee fundi umwambie afungue feni na kutoa vumbi la ndani ya mapezi, na akiwa humo abadilishe pesti. Simama uone anachomoa betri kwanza. Ukipata 3.5 au chini, usimruhusu mtu afungue, weka vitabu viwili nyuma na kikomo cha wati. Ukipata zaidi ya 6 hata baada ya usafi na pesti, gusa mrija wa shaba kwa uangalifu wakati kazi inaendelea: ukiunguza vidole upande wa chipu na kuwa wa baridi upande wa mapezi, mrija umevuja maji yake ya ndani, na hapo ni kununua bamba zima lenye mrija wake. Namba utakayopata baada ya matengenezo iandike pamoja na tarehe kwenye utepe wa karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha chini. Nilimfanyia hivyo yule kijana, na alipopima tena mwezi wa nne alikuta 3.4.